Principal au principle, stationary au stationery: namna ya kuchagua bila kubahatisha

Barua moja ya maombi niliyowahi kupewa niisahihishe ilianza kwa maneno *Dear Principle*. Mwandishi alikuwa anamwandikia mkuu wa chuo, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini msomaji wa barua ile angekutana kwanza na salamu inayoelekezwa kwa kanuni badala ya mtu. Kosa la namna hiyo halitokani na uvivu. Linatokana na kuliamini sikio mahali ambapo sikio halina la kusema.

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tumezoea kuandika tunachosikia. Irabu zetu tano hazibadiliki: *a* ni *a* popote inapokaa, iwe na mkazo au isiwe nao. Kiingereza hakifanyi hivyo. Silabi isiyo na mkazo hufifishwa, na irabu yake huwa sauti moja hafifu isiyo *a* wala *e*. Ndiyo maana *principal* na *principle* hutamkwa sawasawa kabisa, na *stationary* na *stationery* vilevile. Mwingereza mwenyewe hawezi kuyatofautisha kwa kusikia, na yeye pia huyakosea. Kwa hiyo usihangaike kutafuta tofauti katika matamshi, haipo. Tofauti iko katika maana na katika aina ya neno, na huko ndiko tutakakoitafuta.

Kisahihishaji tahajia cha kompyuta nacho hakitoshi, kwa kuwa maneno yote manne yamo katika kamusi yake. Vipo vinavyojaribu kusoma muktadha, navyo hukamata makosa ya wazi. Lakini tazama sentensi hizi mbili:

> She stood by her principles.
> She stood by her principals.

Zote ni sahihi kisarufi. Ya kwanza inasema alishikilia misimamo yake, ya pili inasema alikuwa upande wa wakuu wake. Anayejua ipi ilikusudiwa ni wewe uliyeandika.

## Jozi ya kwanza: principal na principle

Nitakaa zaidi kwenye jozi hii kwa sababu ndiyo yenye mitego mingi, na mtego mmoja umetegwa na Kiswahili chenyewe.

*Principal* ina maana ya kilicho kikuu, kilicho mbele ya vingine. Mara nyingi ni kivumishi: *the principal reason* ni sababu kuu, *the principal city* ni mji ulio mkubwa kuliko mingine. Huweza pia kuwa nomino, na hapo huwa ni mtu au fedha: mkuu wa shule au chuo, mcheza dansi anayeongoza kundi, au kiasi cha mkopo kabla ya riba.

*Principle* ni kanuni, msimamo, au ukweli wa jumla unaoongoza mambo. Nalo ni nomino siku zote. Halitumiki kama kivumishi. Shika jambo hili kwa nguvu, maana peke yake linamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Maneno haya mawili ni ndugu. Yote yanatoka kwenye neno la Kilatini *princeps*, aliyeshika nafasi ya kwanza, na humo humo ndimo Kiingereza kilimopata *prince*, mwana wa mfalme. *Principal* lilibaki na maana ya kuwa wa kwanza. *Principle* lilipitia *principium*, yaani mwanzo au chanzo: jambo la kuanzia ambalo mengine hujengwa juu yake. Undugu huo ndio unaotuchanganya, lakini pia ndio unaotupa kikumbusho.

### Kikumbusho chake

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba *principal* huishia na *pal*, yaani rafiki, basi mwalimu mkuu ni rafiki yako. Si kikumbusho kibaya, ila kinamhudumia mwalimu mkuu peke yake. Ukifika kwenye *principal reason* au kwenye mkopo, urafiki haukusaidii kitu. Ninachopendekeza ni hiki:

Principal ina A, herufi ya kwanza, kwa kuwa ni cha kwanza. Principle ina LE, kwa kuwa kanuni ni ILE ILE.

Sehemu ya kwanza inafuata asili ya neno. A inatangulia herufi zote, na *principal* hutangulia wenzake: mkuu hutangulia walimu, sababu kuu hutangulia sababu nyingine, na fedha zilizokopwa hutangulia riba. Sehemu ya pili inatokana na tabia ya kanuni. Ikiwa inabadilika kila siku, hiyo si kanuni tena. Kanuni ya jana ni ile ile ya leo, na *ile* huishia na *le* kama *principle* inavyoishia. Anayependa kikumbusho cha Kiingereza anaweza kuongeza *rule*, ambalo nalo huishia na *le* na lina maana hiyo hiyo.

### Namna ya kuamua, hatua kwa hatua

Anza kwa kutazama neno linalofuata. Je, neno lako limekaa mbele ya nomino na linaieleza nomino hiyo? Kama ndivyo, andika *principal* na uendelee na kazi yako. *Principal aim, principal cause, principal investigator.* Wanafunzi wa fizikia huandika *principle focus* na *principle axis* wanaposoma lenzi, na wa hisabati huandika *principle component*. Yote hayo ni makosa kwa sababu hii moja: *focus*, *axis* na *component* ni nomino, na kilicho mbele yake ni kivumishi. Ni *principal focus*, *principal axis*, *principal component*.

Kama neno lako halielezi nomino nyingine, basi lenyewe ndilo nomino. Sasa jiulize: ninazungumzia mtu, fedha, au wazo? Ikiwa ni mtu au fedha, ni *principal*. Ikiwa ni wazo, ni *principle*. *Archimedes' principle* ni wazo kuhusu vitu vilivyozama katika maji. *The uncertainty principle* ni wazo. Katika kemia ipo *Le Chatelier's principle*, na mwenye kuisoma ana bahati, kwa kuwa kanuni yenyewe inaanza na *Le*.

Hatua ya tatu inahusu misemo michache ambayo haibadiliki, na ni rahisi kuikariri kuliko kuipima kila mara. *In principle*, *on principle*, *a matter of principle* na *first principles* zote huandikwa kwa *le*. Hakuna *in principal* yenye maana ya "kimsingi".

### Mtego wa neno "msingi"

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapohitaji uangalifu ambao vitabu vya Kiingereza havimpi. Wengi wetu tunapokwama hutafsiri kichwani, kisha tunachagua tahajia kulingana na tafsiri. Kwa *-kuu* njia hiyo ni salama: mwalimu mkuu, lengo kuu, sababu kuu, zote ni *principal*. Kwa *kanuni* nayo ni salama: ni *principle*.

Taabu ni *msingi*. Tunasema "misingi ya haki", na hapo Kiingereza ni *principles of justice*. Lakini kwenye mkopo tunasema "deni la msingi", na hapo Kiingereza ni *principal*. Neno letu moja linaelekeza pande mbili. Atakayekuwa amejifunza kwamba *principle* ni "msingi" ataandika *the principle and the interest* bila wasiwasi wowote, na atakuwa amekosea.

Chukua mfano. Mtu amekopa 100,000 na anatakiwa kurudisha 112,000. Zile 100,000 ni *principal*, na 12,000 ni *interest*. Zile 100,000 zilikuwapo kwanza, na riba ikazaliwa juu yake. Kwa asili huo ulikuwa msemo mrefu zaidi, *principal sum*, yaani jumla iliyo kuu, kisha nomino ikaachwa na kivumishi kikabaki kusimama peke yake. Kwa hiyo ukikutana na "msingi" katika tafsiri yako, usiamue hapo hapo. Uliza tena: huu ni msingi wa fedha au msingi wa mawazo?

Katika sheria kuna *principal* mwingine ambaye huwapotosha hata wazoefu. Mtu anapomtuma wakala amfanyie kazi kwa niaba yake, yule aliyetuma huitwa *principal* na wakala ni *agent*. Huyu ni mtu, na ndiye wa kwanza katika uhusiano huo. A yake ni ile ile ya mwalimu mkuu.

Maneno yaliyozaliwa na haya mawili hufuata wazazi wao. *Principally*, lenye maana ya "hasa" au "zaidi", linatokana na *principal*, kwa kuwa kielezi hicho hujengwa juu ya kivumishi. *Principality*, nchi inayotawaliwa na mtu mwenye cheo cha *prince* kama Monaco au Liechtenstein, nalo lina *al*. Kwa upande wa pili yupo *principled*, mtu mwenye msimamo, na *unprincipled*, asiye nao. Hawa wanakaa mbele ya nomino, kama katika *a principled person*, lakini hawaivunji kanuni yetu: kilichokaa mbele ya nomino hapo si *principle* tupu, ni *principled* yenye *d*. Mtu mwenye misimamo huitwa pia *a person of principle*, na hapo *d* haihitajiki.

## Jozi ya pili: stationary na stationery

*Stationary* ni kivumishi chenye maana ya kilichosimama mahali pamoja, kisichosogea. Gari lililoegeshwa ni *stationary*. *Stationery* ni nomino yenye maana ya vifaa vya kuandikia: karatasi, bahasha, kalamu na vinginevyo.

Nayo yametoka sehemu moja, na habari yake ni nzuri kuijua kwa sababu inaeleza kwa nini kuna *e*. Katika Ulaya ya zama za kati wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kutembeza. Aliyekuwa na kibanda cha kudumu aliitwa kwa Kilatini *stationarius*, mtu wa mahali pamoja. Waliokuwa na vibanda vya namna hiyo mara nyingi walikuwa wauza vitabu karibu na vyuo vikuu. Kiingereza kikawaita *stationers*. London walianzisha chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapewa hati ya kifalme. Bidhaa za *stationer* zikaja kuitwa *stationery*, kama vile mahali pa *baker* panavyoitwa *bakery* na bidhaa za *grocer* zinavyoitwa *groceries*. Ile *er* ni ya mtu mwenye kazi yake. Ukimwona muuzaji ndani ya neno, hutaandika *ary*.

### Kikumbusho chake, na kwa nini kile cha kawaida hakitufai

Kwa Kiingereza hufundishwa kwamba E ni ya *envelope*, yaani bahasha. Kwa anayefikiri kwa Kiingereza kinatosha. Lakini anayefikiri kwa Kiswahili akiulizwa ataje vifaa vya kuandikia atasema nini? Karatasi, bahasha, kalamu, daftari. Yote yamejaa A! Kikumbusho cha E kinazama kwenye A hizo. Na kuna jambo lingine: neno lenyewe tumelikopa na tunaandika *steshenari*, likiishia na *ari*. Mkono uliozoea kuandika *steshenari* huenda wenyewe kwenye *ary*. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, jozi hii hutukosesha kwa upande mmoja zaidi: tunaandika *stationary* tulipokusudia karatasi, na mara chache kinyume chake.

Basi tuchague vifaa vyenye E:

Peni na penseli: stationEry. Kukaa, kusimama, kuganda: stationAry.

*Peni* na *penseli* zina E katika silabi ya kwanza, mahali pa kusikika wazi. *Kaa*, *simama* na *ganda* huishia na A zote tatu, na ndizo hali za kitu kisichosogea. Andika mstari huo mara moja kwa mkono, E na A zikiwa kubwa, kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lako. Hautachukua muda kukaa kichwani.

### Mahali ambapo kipimo cha kwanza hakifanyi kazi

Katika jozi ya kwanza tulisema kilicho mbele ya nomino ni kivumishi. Usikilete kipimo hicho hapa. Kiingereza huruhusu *stationery* kukaa mbele ya nomino nyingine ili kusema ni ya aina gani, na ndiyo maana semi hizi mbili zote zipo:

> a stationery cupboard
> a stationary cupboard

Ya kwanza ni kabati la kuwekea karatasi na peni. Ya pili ni kabati lisilosogezwa. Ili kujua unayoitaka, hamisha neno lako uliweke baada ya *is*. *The car is stationary* ni sentensi nzuri, gari limesimama. *The cupboard is stationery* haina maana, kwa kuwa kabati si karatasi. Neno likikubali kuhamia huko na kubaki na maana uliyokusudia, andika *a*. Likikataa, andika *e*. Kwa kipimo hicho *stationary bike*, baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, hupata *a*, na *stationery budget* hupata *e*.

Jambo dogo la mwisho kuhusu *stationery*: haihesabiki. Haina wingi wa *stationeries*, wala husemi *a stationery* ukimaanisha kifaa kimoja. Sema *some stationery* au *an item of stationery*.

## Barua moja, makosa sita

Sasa tuyaweke yote pamoja. Barua hii nimeitunga kwa makusudi, na kila neno tunalolishughulikia limekosewa:

> Dear Principle,
> Our principle request is for new stationary. The photocopier has been stationery since March, and on principal we do not ask students to pay for paper. The old loan has been repaid, both the principle and the interest.

Salamu inamwendea mtu. Mtu ni *principal*.

*Our principle request*: linalofuata ni *request*, nomino, na neno letu linaieleza. Ni ombi kuu. *Principal request*.

*New stationary*: hapa kuna kidokezo ambacho ni rahisi kukipita. *New* ni kivumishi, kinahitaji nomino ya kuieleza, na *stationary* si nomino. Kinachoombwa ni peni na penseli. *Stationery*.

*The photocopier has been stationery*: neno limekaa baada ya *has been*, linaeleza hali ya mashine. Mashine imeganda. *Stationary*. Nikiwa mhariri ningeongeza kwamba mashine iliyoharibika ni bora isemwe *out of order*, kwa sababu *stationary* inasema tu haisogei, na mashine ya kunakili haitarajiwi kusogea hata ikiwa nzima. Tahajia ikiwa sahihi, bado neno lenyewe linaweza kuwa silo.

*On principal* ni miongoni mwa misemo isiyobadilika. Walioandika wana msimamo kuhusu kuwatoza wanafunzi. *On principle*.

*The principle and the interest*: huu ni ule mtego wa msingi. Ni fedha zilizotangulia riba. *Principal*.

Barua ikishasafishwa inasomeka hivi:

> Dear Principal,
> Our principal request is for new stationery. The photocopier has been out of order since March, and on principle we do not ask students to pay for paper. The old loan has been repaid, both the principal and the interest.

## Kulichuja andiko refu

Barua fupi unaweza kuipitia kwa macho. Ripoti ya kurasa 40 huwezi, macho huteleza juu ya maneno uliyoyaandika mwenyewe. Fungua sehemu ya kutafuta kwa `Ctrl + F`, au `Cmd + F` kwenye Mac, kisha andika `princip`. Usiandike neno zima, kwa kuwa unataka kuona tahajia zote mbili pamoja na watoto wao, *principally* na *principled*. Simama kwenye kila moja na upitie hatua tatu za juu. Kwenye ripoti ya fedha tafuta pia neno `interest`, kwa sababu *principal* ya mkopo hukaa karibu nalo.

Kwa jozi ya pili usitafute `station`, utaletewa vituo vyote vya polisi na vya treni. Tafuta `stationa` kwanza, na katika kila inapotokea hakikisha kuna kitu kilichosimama. Kisha tafuta `stationer`, na uhakikishe kuna kitu cha kuandikia. Usitumie amri ya kubadilisha yote kwa mpigo. Ripoti inayozungumzia magari yaliyoegeshwa pamoja na manunuzi ya karatasi inahitaji tahajia zote mbili, na amri hiyo itarekebisha moja huku ikiharibu nyingine iliyokuwa sahihi tangu mwanzo.